Kikongo si lugha ya Kongo yote: mtu, lugha na nchi katika shina moja

Mjini Bukavu, mashariki ya Kongo, utasikia watu wakisema "serikali ya Kikongo", "jeshi la Kikongo", hata "franga ya Kikongo". Wanamaanisha serikali, jeshi na franga za Kongo, na jirani yao anawaelewa bila shida. Lakini mtu aliyezaliwa Matadi, magharibi ya nchi, akisikia neno Kikongo, linalomjia kichwani ni lugha ya bibi yake, si bendera ya taifa. Na mtu wa Bukavu akiulizwa na mgeni, "Kikongo unakijua?", atajibu hapana, ingawa ni Mkongomani wa kuzaliwa na hajawahi kuvuka mto Ruzizi kwenda nchi jirani.

Mkanganyiko huo unatoka mahali pawili. Kwanza ni Kifaransa, ambacho kina neno moja tu, "congolais", linalobeba mizigo mitatu kwa pamoja. Pili ni Kiswahili chenyewe, ambacho kinaonekana rahisi mno: m- ni mtu, ki- ni lugha, u- ni nchi. Shuleni tunafundishwa hivyo, na hivyo ndivyo tunavyoanza kukosea.

Tuanze na maneno mawili. Shina ni ile sehemu ya neno inayobaki bila kubadilika. Kiambishi ni kile kipande kinachobandikwa mbele yake. Shina ni kama unga wa mihogo: ukiusonga unapata bugali, ukiukoroga mwepesi unapata uji, na unga ni uleule. Shina -faransa linatupa Mfaransa, Wafaransa, Kifaransa, Ufaransa. Shina -jerumani linatupa Mjerumani, Kijerumani, Ujerumani. Shina -reno linatupa Mreno, Kireno, Ureno. Mpaka hapo hesabu inakubali.

Kwetu mashariki ya Kongo viambishi hivyo vina sura nyingine kidogo. Tunasema Mufaransa na Bafaransa, na Ulaya tunaiita Bulaya. Mu- yetu ni m- ya Kiswahili bora, ba- ni wa-, bu- ni u-, ki- haibadiliki. Ukiyashika hayo unaelewa kwa nini ramani za zamani zina majina yasiyofanana na ya leo. Nchi iliyo mashariki ya uwanda wa Ruzizi iliitwa Urundi wakati wa Wabelgiji, katika jina Ruanda-Urundi, kwa sababu jina lilipitia midomo ya Waswahili. Ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962 ikarudia jina inalojiita yenyewe, Burundi. Uganda haikufanya hivyo. Nchi nzima ikabaki na sura ya Kiswahili, Uganda, na ufalme uliozaa jina hilo ukabaki Buganda.

Mfano huo wa Uganda unatuonyesha ufa wa kwanza. Lugha ya Waganda wa Buganda ni Kiganda, wenyewe wanaiita Luganda. Lakini Uganda ina makumi ya lugha, na raia wa Gulu au wa Mbarara hana lazima ya kujua Kiganda. Shina ni moja, lakini nchi imekua kuliko shina lake. Ubelgiji ni kinyume: nchi ipo, Mbelgiji yupo, Kibelgiji hakipo. Lugha rasmi za Ubelgiji ni Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani. Kiswisi vilevile hakipo. Kwa hiyo ukiona M- na U- usiharakishe kuunda Ki- ya lugha. Kwanza uliza kama kuna mtu anayeisema.

Ki- haimaanishi lugha

Hapa ndipo penye fundo lenyewe, na ningependa tukae kidogo. Ki- inayobandikwa mbele ya shina la watu haisemi "lugha ya". Inasema "kwa namna ya". Angalia maneno ambayo hayana lugha hata kidogo: kitoto, kizee, kijeshi, kifalme, kike, kiume. Mtu anayelia kitoto hasemi lugha ya watoto, analia kama mtoto. Serikali ya kijeshi ni serikali inayoendeshwa kwa namna ya wanajeshi. Kifaransa pia, kwa asili yake, ni "namna ya Wafaransa", na kusema kwa namna ya Wafaransa ndiyo lugha yao. Lugha ni tawi moja la maana hiyo. Matawi mengine ni mapishi, mavazi, desturi, ujenzi.

Neno Kizungu linaonyesha hilo vizuri. Bukavu, mtu akisema "huyu anasema kizungu", mara nyingi anamaanisha Kifaransa. Dar es Salaam, sentensi hiyohiyo inamaanisha Kiingereza. Na popote pale, "kula kizungu" ni kula kwa uma na kisu. Hakuna lugha moja inayoitwa Kizungu. Kuna namna ya Wazungu, na kila mji unaijaza kwa Wazungu uliowazoea.

U- nayo haimaanishi nchi. Inataja hali au eneo la kitu: utoto, uzee, ukubwa. Ukristo si nchi ya Wakristo, ni imani yao. Uzungu si Ulaya, ni tabia ya kizungu. Uswahili si dola yoyote. Ni mwenendo wa Waswahili, na mara nyingi neno hilo husemwa kwa kejeli. Ukitaka mahali, lugha huomba -ni mwishoni: Uzunguni, Uswahilini, Uarabuni. Majina kama Ufaransa na Ujerumani yamekubaliwa kuwa majina ya nchi bila -ni, lakini hiyo ni mazoea yaliyokomaa, si sheria unayoweza kuisukuma kwa kila shina.

Sasa turudi kwenye tafsiri. Kifaransa kinatofautisha mtu na lugha kwa herufi tu: Français kwa herufi kubwa ni mtu, français kwa herufi ndogo ni lugha, na herufi ndogo hiyohiyo ni sifa ya kitu chochote. Sikio halioni herufi kubwa. Kwa hiyo anayetafsiri anatakiwa kuchagua kitu ambacho Kifaransa hakikumlazimisha aliyeandika kukichagua.

Chukua maneno "école française". Kwa Kiswahili yanaweza kuwa matatu. Shule ya Kifaransa ni shule inayofundisha kwa lugha hiyo au kwa utaratibu wa huko. Karibu shule zote za Bukavu zinafundisha kwa Kifaransa, na walimu wake ni Bashi, Balega, Bahavu. Shule ya Ufaransa ni mali ya dola ya Ufaransa au iko chini yake. Shule ya Wafaransa imeanzishwa na watu wa huko, au wanasoma humo watoto wao. Mzazi anayetafuta nafasi ya mtoto wake atafika mahali tofauti kwa kila neno, na ada pia itakuwa tofauti.

Mfano mwingine unakwenda upande wa pili. Mwalimu wa Kifaransa anafundisha lugha. Mwalimu Mfaransa ametoka Lyon au Marseille, na huenda anafundisha hesabu. Ukiandika "mwalimu wa Kifaransa" ukimaanisha asili yake, msomaji ataelewa somo lake. Hapo jambo la kufanya ni kuweka jina la mtu kando ya kazi bila -a: daktari Mchina, padri Mpolandi, wauguzi Warundi.

Namna ya kujijaribu ni hii. Kama mwenye kitu ni dola, yaani ubalozi, jeshi, serikali, paspoti, tumia jina la nchi: ubalozi wa Ufaransa, paspoti ya Burundi. Kama unataja aina au mtindo, tumia Ki-: mkate wa Kifaransa unaweza kuokwa Kadutu, hapa Bukavu, kwa unga wa Uganda na bado ni wa Kifaransa. Kama unataja mtu, tumia M- au Wa-. Ukibadilisha "-a Ki-" kwa "kwa mtindo wa" na sentensi ikachekesha, ujue Ki- haikufaa pale. "Jeshi kwa mtindo wa Kongo" kunachekesha. "Mapishi kwa mtindo wa Kongo" hakuna wa kucheka.

Kongo, Mkongo, Mkongomani

Tulete sasa jina letu wenyewe. Shina -kongo ni la watu kabla ya kuwa la nchi. Bakongo walikuwa na ufalme ambao mji wake mkuu ulikuwa Mbanza Kongo, na mji huo leo uko kaskazini ya Angola. Wazao wa ufalme huo wako katika nchi kadhaa: Angola, Kongo-Brazzaville, na kwetu katika jimbo la Kongo Central. Lugha yao ni Kikongo. Mto ukachukua jina lao, nchi mbili zikachukua jina la mto, na leo shina hilo linabeba kabila, mto, na dola mbili zinazotazamana Kinshasa na Brazzaville.

Ndiyo maana Kiswahili cha huku kinashikilia neno Mkongomani, au Mukongomani, kwa raia. Mkongo ni wa kabila, Mkongomani ni wa nchi. Kamusi nyingine zinakubali Mkongo kwa maana zote mbili, na mwandishi wa Nairobi ataandika Wakongo bila kufikiri mara mbili. Kwa maoni yangu anapoteza kitu kizuri alichokuwa nacho mkononi. Lugha imetupa maneno mawili kwa vitu viwili. Hakuna sababu ya kulitupa moja. Na ukihitaji namna ya watu wa nchi hii bila kugusa kabila, Kikongomani kinafaa: mavazi ya Kikongomani, uchekeshaji wa Kikongomani. Hakitaji lugha yoyote, na hiyo ndiyo faida yake.

Kipimo kizuri cha mambo haya yote ni sentensi mbili za Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya kwanza. Zinasema kwamba lugha rasmi ya nchi ni Kifaransa, na zinataja lugha nne za taifa: kikongo, lingala, swahili, tshiluba. Tazama mwanzo wa majina hayo manne. La kwanza limekuja na ki- yake. La pili lina li-, kwa sababu shina ni -ngala. La tatu limevuliwa kiambishi, ndivyo Wafaransa walivyozoea kuliandika. La nne lina tshi-. Yote manne ni majina ya lugha, na kila moja limevaa kivyake.

Mtafsiri wa haraka atataka kuyavisha sare: Kikongo, Kilingala, Kiswahili, Kiluba. La tatu amepatia. La kwanza ni sahihi, ila msomaji asiyejua atadhani ni lugha ya nchi nzima, na hapo maneno machache ya kueleza yanasaidia. La pili, Kilingala, ukilipima vizuri lina viambishi viwili, ki- juu ya li-, kama mtu aliyevaa makoti mawili. Lakini watu wote wanalisema hivyo, na neno likishasemwa na watu wote ugomvi wake umekwisha.

La nne ndilo kosa lenyewe. Baluba wa Katanga, wa Kamina na Malemba-Nkulu, wanaita lugha yao Kiluba. Baluba wa Kasai wanaita yao Ciluba, ambayo serikali inaandika Tshiluba. Ci- na ki- ni kiambishi kimoja. Katika lugha ya Kasai sauti ya k mbele ya i imegeuka kuwa ch. Lakini lugha zenyewe ni mbili, na mtu wa Kamina hasomi Tshiluba kama lugha yake. Mtu wa upande huu ni Muluba, wa upande ule ni Muluba, na Baluba ni Baluba. Kinachozitenganisha lugha hizo kwa jina ni kiambishi peke yake, nacho ndicho mtafsiri amekibadilisha. Katiba imetaja lugha ya Kasai. Tafsiri imetaja ya Katanga. Lubumbashi, ambako Baluba wa pande zote mbili wanaishi mtaa mmoja, kosa hilo halipiti kimya. Dawa yake ni kuacha Tshiluba kama ilivyo, au kuandika Kiluba cha Kasai.

Mashi, na kwa nini si Kimashi

Mfano wa karibu zaidi hauhitaji kutoka Bukavu. Mtu ni Mushi, watu ni Bashi, nchi yao ni Bushi, yaani Kabare, Walungu na kwingineko, na lugha yao ni Mashi. Shina ni -shi tu. Kiambishi cha lugha hapa si ki-, ni ma-. Asiyejua hudhani "mashi" ndilo shina lote, akabandika ki- akapata Kimashi, kisha akaendelea kwa nguvu ileile akapata Wamashi. Kimashi utakisikia, na hakuna atakayekukamata. Lakini Wamashi inawachekesha Bashi wenyewe, kwa sababu umewaita "watu wa lugha" badala ya kuwaita kwa jina lao.

Je, tufuate Kiswahili bora tuseme Mshi na Washi? Kwa sheria inakubali, kwa sikio haikubali. Washi iko karibu mno na waashi, wajenzi wa mawe na matofali, na sentensi kama "Washi wa Kabare walikutana" itampeleka msomaji wa Tanga kwenye kiwanja cha ujenzi. Bora kuandika Bashi, na kwa lugha kuandika "lugha ya Mashi". Neno lugha likitangulia, hata upatanisho unakuwa rahisi: lugha ya Mashi inasemwa Walungu. Hakuna wa kuuliza kama ni inasemwa, kinasemwa au yanasemwa.

Kipande -nya-

Kuna majina ya mahali ambayo tayari yana kiambishi chake, na huwezi kukivua. Hapo lugha za maziwa makuu huingiza -nya-, ambayo maana yake ni "-a", yaani mwenye asili ya mahali fulani. Rwanda inatoa Mnyarwanda na Kinyarwanda. Bwisha, huko Rutshuru, inatoa Munyabwisha na Kinyabwisha. Mulenge, katika milima ya Uvira, inatoa Munyamulenge na Kinyamulenge. Lakini usidhani kila nya ni hiyo: Banyanga wa Walikale wana shina -nyanga zima. Hakuna mahali panapoitwa Nga walikotoka.

Shida ya -nya- ni kwamba jina la lugha limejengwa juu ya jina la mahali, na mahali pamekuwa dola. Kinyarwanda kinasemwa Kigali, lakini pia Rutshuru na Masisi. Msemaji wake wa Masisi si raia wa Rwanda kwa sababu ya lugha, kama vile mtu wa Bukavu anayesema Kifaransa si raia wa Ufaransa. Katiba yetu, ibara ya 10, inatambua uraia wa asili kwa makundi ya watu ambao wao na ardhi yao walikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru. Lugha haikutajwa kuwa kipimo. Lakini neno Mnyarwanda, likisemwa kwa haraka Goma, linaweza kumaanisha msemaji, raia, au asili ya ukoo, na kila msikilizaji anachagua anayotaka. Anayeandika habari asimwachie msikilizaji kazi hiyo. "Raia wa Rwanda" ni maneno matatu yasiyo na njia panda. "Wasemaji wa Kinyarwanda" ni mengine matatu, na hayataji paspoti ya mtu yeyote.

Fomu zinazojazwa mbali na kwao ndizo zinazoonyesha haraka kosa liko wapi. Mtu wa Fizi akifika kambi ya wakimbizi nje ya nchi anaulizwa mambo matatu: uraia, kabila, lugha. Ameulizwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na neno moja limetumika kwa uraia na kwa lugha. Uraia ni Mkongomani. Kabila ni Mubembe. Kwenye mstari wa lugha, kama karani ataandika Kikongo kwa sababu mtu ametoka Kongo, siku ya mahojiano ataletewa mkalimani wa lugha ya Matadi. Na akiandika Kibemba badala ya Kibembe, irabu moja tu ya mwisho, ataletewa msemaji wa lugha ya kaskazini ya Zambia na ya upande wa Lubumbashi. Kabla ya kutia sahihi, mstari huo usomwe kwa sauti mpaka herufi ya mwisho.